Kisima cha Shemeji: Je, Biashara ya Maji ya Chupa Ina Faida kwa Anayeanza?

Shemeji yangu ana kisima kirefu Kigamboni, si mbali na bahari. Mwaka jana alikuja nyumbani na daftari. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika: "Maji bure. Chupa moja sh. 500." Ukurasa wa pili alikuwa ameshagawa faida. Akaniuliza, "Shemeji, wewe umekaa miaka mingi unapitia maandiko ya mikopo. Nikiingia kwenye maji ya chupa nitakosaje?"

Nilimjibu kwamba daftari lake limejibu swali la kama maji yanauzika. Hilo halina ubishi. Ukisimama dakika kumi kwenye foleni ya magari saa saba mchana utayaona yakipita dirishani mwako kwenye mabeseni. Swali lililobaki ni jingine kabisa: kwenye ile sh. 500, nani anabaki na nini? Mlaji anataka apunguziwe. Mwenye duka anataka cha juu. Anayekuuzia prifomu, plastiki inayopulizwa kuwa chupa, ana bei yake, na jirani mwenye kiwanda kama chako yuko tayari kushusha hamsini ili achukue rafu yako. Kinachobaki baada ya hao wote kuvuta ndicho chako.

Mwaka 1979 Michael Porter, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika makala iliyoweka mvutano huo katika mpangilio: washindani waliopo, wageni wanaoweza kuingia, wanunuzi, wauzaji wa malighafi, na bidhaa mbadala. Watu wengi huichukua orodha hiyo kama fomu ya kujaza. Wanaandika "nguvu ya wanunuzi: kubwa", wanaendelea na mstari unaofuata, mwisho wanajumlisha alama. Mimi nimesoma maandiko ya namna hiyo hadi nimeyachoka. Kila nguvu kati ya hizo tano inagusa ama bei unayopata ama gharama unayolipa, na usipoonyesha inagusa shilingi ipi, hujachambua chochote. Kwa hiyo tulianza na shilingi.

Katoni moja, tuifungue

Tuchukue katoni ya chupa 12 za nusu lita. Tunaiita katoni ingawa imefungwa kwa nailoni tu. Namba ninazotoa hapa ni za mfano, za kufundishia. Anayetaka kuingia aweke za kwake baada ya kuuliza bei sokoni. Nimeacha kodi ya ongezeko la thamani pembeni ili hesabu isitusumbue.

Tuseme kiwanda kinaiuza katoni kwa sh. 2,500. Chupa haiji ikiwa chupa. Inakuja kama prifomu, kile kibomba kinene cha plastiki chenye uzi wa kifuniko tayari, ambacho mashine hukipasha moto na kukipuliza hewa ndani ya umbo. Kwa nusu lita prifomu yenye gramu 15 hivi inatosha, maana yake katoni moja inakula gramu 180 za plastiki. Kwa sh. 4,000 kwa kilo, hiyo ni sh. 720. Vifuniko 12 tuseme 240. Lebo na nailoni ya kufungia, 270. Umeme, vichujio, dawa na maji yenyewe, 150. Ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa lita pamoja na stempu ya kielektroniki, 350. Hapo tuko 1,730. Ongeza mishahara na gari la kusambaza, 450, unafika 2,180. Zimebaki 320.

Shemeji alitazama ule mstari wa 150 kwa muda mrefu. Maji, kile kitu alichokuwa nacho bure na kilichomfanya afikirie biashara hii, ni sehemu ndogo ya mstari ulio mdogo kuliko yote. Sehemu kubwa ya anachouza ni plastiki na usafiri. Ukiiona hivyo, maswali yako yanabadilika. Badala ya kuuliza kisima kinatoa lita ngapi kwa saa, utauliza nani anashika bei ya plastiki na nani anashika njia ya kwenda dukani.

Sasa tuisukume ile 320. Prifomu zikipanda asilimia 20, zimeondoka 144. Mwezi huohuo mshindani akishusha bei kwa 150 nawe ukalazimika kumfuata, zimebaki 26. Kiwanda kinachotoa katoni 1,000 kwa siku kilikuwa kinabakiza sh. 320,000, sasa kinabakiza 26,000, na hapo bado hatujalipa rejesho la mkopo wa mashine wala chupa zilizopasuka njiani.

Wenye plastiki

Prifomu hutengenezwa kwa plastiki aina ya PET, ambayo malighafi yake asili yake ni mafuta na gesi. Chembe zake zinaagizwa kutoka nje, zinalipiwa kwa dola. Kwa hiyo kiwanda cha maji cha Kigamboni kinauza kwa shilingi na kwa sehemu kubwa kinanunua kwa dola, hata kama ankara ya prifomu imeandikwa kwa shilingi. Dola zilipoadimika nchini mwaka 2023, shinikizo la aina hiyo lilimfikia kila mwenye kiwanda anayetegemea malighafi ya nje. Tajiri mkubwa anaagiza kontena nyingi mapema akahifadhi. Mdogo ananunua ya wiki mbili kwa bei ya wiki hiyo.

Ila nguvu ya muuzaji wa prifomu haiko kwenye bei peke yake. Iko shingoni. Shingo ya prifomu ina vipimo maalumu: kipenyo, urefu na aina ya uzi. Mashine ya kupuliza, ya kujaza na ya kufunga zote hushika chupa kwa shingo, na kifuniko lazima kilingane na uzi huo. Ukinunua mtambo uliotengenezwa kwa shingo fulani, halafu hapa nchini ni muuzaji mmoja tu mwenye prifomu na vifuniko vya shingo hiyo, umefunga ndoa naye. Siku akipandisha bei, kuhama kunamaanisha kubadilisha vipuri vya mashine tatu na kusimamisha uzalishaji. Kwa shingo inayouzwa na watatu au wanne, unahama kwa simu moja. Nimewaona watu wakinunua mtambo wa mitumba kwa sababu ni wa bei poa, bila kuuliza swali hili, wakaja kugundua kwamba unafuu wa mashine wanaulipa kidogokidogo kwenye kila prifomu.

Kuna jambo la tatu. Baadhi ya makundi makubwa yanayouza vinywaji yana viwanda vyao vya plastiki. Wao gharama ya prifomu ni gharama ya kutengeneza. Kwako ni hiyo pamoja na faida ya aliyekuuzia. Inawezekana kabisa ukawa unanunua prifomu kutoka kwa ndugu wa kampuni inayokushinda dukani. Huyo hana haja ya kukupiga vita. Atakapochelewesha mzigo wako msimu wa joto, inatosha.

Shemeji aliuliza kwa nini asinunue chupa zilizokwisha pulizwa. Jibu ni kwamba utakuwa unasafirisha hewa. Gari linalobeba prifomu za chupa laki moja likijazwa chupa tupu litabeba sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Mtu anaweza kuanza hivyo kwa majaribio, lakini asijenge hesabu za miaka mitano juu yake.

Mnunuzi ni nani hasa?

Katika daftari la shemeji mnunuzi alikuwa mtu mwenye kiu. Mtu huyo yupo, na nguvu yake inatokana na kwamba hapotezi chochote akibadilisha chapa. Jana alikunywa hii, leo atakunywa ile, mradi ni ya baridi na iko karibu. Wapo wanaoomba kwa jina, na hilo ndilo linalozipa nafasi chapa zilizokwisha zoeleka, kama Kilimanjaro ya Bonite Bottlers wa Moshi au Uhai ya kundi la Bakhresa. Chapa mpya haina jina la kuitwa. Itanunuliwa pale tu mwenye duka atakaponyoosha mkono kuitoa.

Basi mnunuzi wa kiwanda ni mwenye duka na muuzaji wa jumla, na yeye ana akili ya biashara kuliko mwenye kiu. Kwenye friji yake nafasi ni chache. Mara nyingi friji lenyewe limeletwa na kampuni ya soda kwa makubaliano kwamba lijazwe vinywaji vyake. Chapa mpya hukaa chini sakafuni, kwenye joto, na maji ya moto hayanunuliki. Ili ahamishe chupa moja ya wenzako aweke yako, mwenye duka atataka cha juu kikubwa zaidi, au atataka mali kauli.

Mali kauli ndiyo inayoua viwanda vidogo, na haiko kwenye maandiko ya mikopo. Unaacha katoni ishirini, unalipwa ukirudi na nyingine. Kwa hesabu yetu, katoni moja isiyolipwa ni sh. 2,500 zimepotea, yaani faida ya karibu katoni nane zilizouzwa salama. Na hata wakilipa wote, pesa yako imelala kwenye maduka mia mbili huku muuzaji wa prifomu akitaka chake kabla ya kupakia. Umegeuka benki ya pande zote mbili, bila riba.

Wanunuzi wakubwa, yaani hoteli, kumbi za harusi, taasisi zenye semina, wana sura yao. Wananunua kwa wingi, wanataka lebo yenye jina lao, na wengine hulipa vizuri. Lakini wanajua bei za viwanda vitano, na wengine hulipa baada ya siku 60. Kiwanda kinachouza nusu ya mzigo wake kwa hoteli mbili kina mabosi wawili.

Jirani asiyeweza kufunga

Hapa ndipo pazito zaidi. Watu huhesabu chapa dukani, wanasema "ushindani ni mkubwa", basi. Idadi haielezi ugomvi. Kinachoeleza ni jinsi gharama za kiwanda cha maji zilivyojengeka.

Mtambo wa kujaza maji unajaza maji. Hauwezi kusaga unga. Ukishaununua na kuufunga, fedha yako imezama pale, na mkopo unahitaji kulipwa uzalishe usizalishe. Kwa mwenye kiwanda aliyekwama, bei yoyote inayozidi gharama ya kutengeneza katoni moja zaidi ni afadhali kuliko kuzima. Kwenye mfano wetu gharama ya vitu vinavyoingia kwenye katoni ni 1,730. Ukimlipa 2,000 anapata 270 za kumsogezea siku, hata kama kwa hesabu kamili anakula mtaji wake. Atauza. Na wewe uliyeingia na hesabu ya 2,500 utajikuta unashindana na bei ya mtu anayezama. Hatatoka haraka, maana mashine yake haina mnunuzi mwingine ila mtu kama wewe. Shemeji akacheka, kisha akanyamaza.

Joto nalo lina msimu. Dar es Salaam kuanzia Juni hadi Agosti hali ya hewa inapoa na kiu inapungua, ila mtambo una uwezo uleule. Kila mwenye kiwanda anataka kuujaza, na bei hushushwa na wote kwa wakati mmoja.

Wakubwa nao hawapigani kwa silaha moja na wewe. Gari la kampuni inayouza unga, juisi, soda na maji linakwenda dukani kwa vyovyote. Maji yamepanda tu pamoja na wenzake. Gari lako linakwenda kwa ajili ya maji pekee. Ile 450 ya mishahara na usambazaji kwako inaweza kuwa nusu yake kwao. Hapo huna uwezo wa kuwafikia kwa kujibana matumizi, kwa kuwa tofauti inatoka kwenye upana wa bidhaa zao.

Lakini kuna kitu kinachowalinda wadogo, nacho ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna ujanja. Katoni yetu ina kilo sita na ushee, kwa hiyo lori la tani saba linabeba kama katoni 1,100. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni karibu kilomita 450. Nauli ya lori ikiwa sh. 600,000, kila katoni imebeba sh. 545 za njiani, zaidi ya faida yake yote. Bidhaa nzito yenye bei ndogo haisafiri vizuri. Ndiyo maana ukienda mikoani unakuta chapa ambazo Dar hukuwahi kuzisikia, na zinaishi. Soko la maji ya chupa la Tanzania, ukilitazama kwa jicho la nauli, ni masoko mengi madogo yaliyotenganishwa na barabara. Kabla ya kusema ushindani ni mkali au mwepesi, chora duara kuzunguka kiwanda chako, kisha hesabu waliomo ndani ya duara hilo.

Kigamboni ina upekee wake: gari likivuka Daraja la Nyerere linalipa, likipita kivukoni linalipa na kusubiri. Tozo hiyo ni ndogo, lakini inawahusu wanaokuja na inamhusu shemeji anapotoka. Upande wake wa bahari ni duara lake la asili.

Mlango ulio wazi

Kuna faraja moja ambayo kila anayeingia hujipa: "Nikishaingia nitatulia." Lakini mlango uliokupitisha wewe haujafungwa. Mtu mwenye kisima, mashine ya kuchuja chumvi, ya kupuliza na ya kujaza anaweza kuwa sokoni ndani ya mwaka. Teknolojia inauzwa na wauzaji wengi wa China na India, nao wanaleta fundi wa kuifunga. Hakuna siri ya kiwanda. Kwa hiyo kila mara faida inaponona kwenye eneo, inaita wageni, na wageni wanaila.

Vibali vinapunguza kasi, ingawa haviwazuii. Kusajili kampuni BRELA ni kazi ya siku chache. Kuchota maji ya kisima kibiashara kunahitaji kibali cha bodi ya bonde, ambayo kwa Dar es Salaam ni Wami/Ruvu. Kuna tathmini ya mazingira kwa ajili ya NEMC. Halafu kuna TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ilipopokea kazi za chakula kutoka TFDA ndiyo inayokagua jengo na kupima bidhaa. Kiwango kinachohusika ni kile cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa yaliyofungashwa, EAS 153.

Kwa kisima cha pwani kizuizi kigumu kiko kwenye kemia. Maji ya visima vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi, kwa hiyo yanalazimika kupita kwenye utando wa kuchuja kwa shinikizo. Mtambo mdogo unaweza kutupa robo hadi nusu ya maji unayovuta, yakiwa maji mazito ya chumvi yanayohitaji mahali pa kwenda. Maji hayohayo huweza kuwa na bromidi kutoka baharini. Ukiua vijidudu kwa ozoni, kama viwanda vingi vinavyofanya, bromidi iliyobaki hugeuka bromati, ambayo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaitaka isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Haina rangi wala ladha ya kukustua. Utaijua kwenye majibu ya maabara, wakati lebo zimeshachapwa. Nilimwambia shemeji apeleke sampuli ya kisima ipimwe bromidi kabla hajaagiza hata bomba. Kipimo hicho kinagharimu kidogo sana kuliko mtambo.

Vikwazo hivi vina ubaya wake wa kipekee: vinamzuia anayefuata sheria kuliko asiyeifuata. Anayeokota chupa, akazijaza bombani na kuzifunga vifuniko, halipi ushuru wala hapimwi. Stempu ya kielektroniki ya TRA imempunguzia nafasi, maana chupa isiyo nayo inakamatika, lakini pale anapobaki, anauza kwa bei ambayo wewe huwezi kuifikia. Unapopiga hesabu ya wageni mhesabu na yeye.

Kuhusu mbadala nitasema machache. Maji ya bomba yaliyochemshwa, vichujio vya nyumbani, vibanda vinavyojaza dumu la mteja kwa maji yaliyochujwa, yote haya yanaweka dari kwenye bei yako. Mtu nyumbani ana muda wa kuchemsha. Mtu aliye kwenye basi hana. Dari liko chini kwa maji ya nyumbani, na juu kidogo kwa maji ya njiani.

Kupima bila kubahatisha

Baada ya mazungumzo yale nilimpa shemeji kazi ya wiki tatu. Sikutaka alama za moja hadi tano. Nilitaka ushahidi.

Kwanza aende kwa wauzaji wa jumla wa upande wake, Jumamosi mbili, asimame tu aangalie. Achukue chupa za kila chapa asome tarehe ya kutengenezwa. Chapa yenye tarehe ya wiki iliyopita inazunguka; yenye tarehe ya miezi mitatu imelala, na mwenye kiwanda amelala nayo. Aulize zipi wanalipia taslimu na zipi ni mali kauli. Jibu la hilo linaonyesha nguvu ya mnunuzi vizuri kuliko maelezo yoyote.

Pili, achukue bei za prifomu na vifuniko kwa wauzaji watatu, na aandike shingo ya kila moja. Shingo inayojirudia kwa wote watatu ndiyo ya kuagizia mashine.

Tatu, atafute mitambo ya maji inayouzwa mitumba hapahapa nchini. Kila mtambo unaouzwa ni mtu aliyekuwa na daftari kama lake. Ampigie simu, amuulize aliuza bei gani mwezi wa mwisho na nani hakumlipa. Watu walioacha biashara huongea ukweli kuliko walio ndani.

Alirudi na karatasi zimechafuka kwa mafuta ya bajaji. Kwa chupa ndogo hali ilikuwa kama tulivyohofia: chapa kumi na nne ndani ya duara lake, tisa kati yake kwa mali kauli, na mitambo miwili ya mitumba inayouzwa kwa bei inayoshuka. Shingo ya prifomu haikuwa tatizo. Bei ya jumla kwa baadhi ya chapa ilikuwa chini ya ile 2,500 yetu. Sioni mgeni asiye na bidhaa nyingine wala gari lenye mzigo mchanganyiko akitoka na faida pale. Soko linakua, ndiyo, lakini ukuaji unavuta wageni haraka kuliko unavyoongeza faida.

Hata hivyo alikuwa ameandika kitu pembeni ambacho sikumtuma. Alihesabu ofisi, shule, zahanati na nyumba zenye jagi, ile chupa kubwa ya lita 18.9 inayokaa juu ya mashine ya kupoza. Ukiziweka nguvu zilezile juu ya jagi, picha inabadilika. Plastiki hainunuliwi kila mara, kwa sababu chupa inarudi, inaoshwa, inajazwa. Ile 720 ya prifomu inatoweka kwenye kila mauzo, na muuzaji wa plastiki anabaki na sauti ndogo. Mteja ameweka amana ya chupa na amezoea kijana anayemletea Jumatatu. Kuhama kunampa usumbufu kidogo, na kidogo hicho ni kikubwa kuliko sifuri ya chupa ndogo. Mwenye duka hayupo katikati. Uzito unamfungia mshindani wa mbali zaidi, maana lazima aje na arudi na chupa tupu.

Jagi ina magonjwa yake. Fedha inalala kwenye chupa: kila mteja anahitaji kama tatu, moja kwenye mashine, moja ya akiba, moja kiwandani ikioshwa. Wateja mia moja ni chupa mia tatu. Chupa ikiachwa juani inaota ukijani ndani, na isipooshwa kwa maji ya moto na dawa inavyopaswa inazalisha bakteria ambao TBS wakiwakuta watakusimamisha. Wageni wanaweza kuingia hapa pia, kwa urahisi hata zaidi kwa kuwa hawahitaji mashine ya kupuliza. Tofauti ni kwamba wakiingia hawakuti rafu ya duka. Wanakuta orodha ya wateja ambao tayari wana chupa zako.

Kwa hiyo nilipoulizwa tena kama tasnia ya maji ya chupa inavutia, nilisema chupa ndogo hapana, jagi ndani ya kilomita kumi labda, kama kipimo cha bromidi kikitoka vizuri. Shemeji aliandika "labda" kwenye daftari, akaipigia mstari. Kisha akauliza kitu ambacho mpaka leo tunakibishania: amana ya jagi aiweke kiasi gani, ili mteja asiogope kuanza, na wakati huohuo asione raha kuondoka na chupa.